Namba Nyekundu ya Mita ya Baba

Ile karatasi ya kukatiwa umeme niliikanyaga kabla sijaiona. Ilikuwa imesukumwa chini ya mlango wa mashine, nikaikanyaga na ndala zenye unga, mtoto mgongoni, funguo mdomoni. Nilipoinama kuiokota ndipo nikaona: nilipe ankara ya miezi mitatu, la sivyo Ijumaa ya wiki ile wanakuja kukata.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Mashine yenyewe iko Igogo, chumba kimoja cha bati, ya kusaga na kukoboa. Aliijenga baba yangu, na alipofariki ikawa yangu, pamoja na mwendeshaji wake, pamoja na mita yake. Mita ile ni ya zamani, ya kisahani kinachozunguka. Siyo hizi za kununua umeme kwa simu. Kwenye njia yetu wenye mashine tuko wachache ambao bado tunasomewa mita mwisho wa mwezi ndipo tunaletewa ankara. Sikuwa na kazi nyingine. Baba watoto alikuwa visiwani kwenye dagaa, akipatikana kwenye simu siku akipatikana. Umeme ukikatwa, mkubwa haendi shule na mdogo hana maziwa wala mama wa kuyatoa, maana mimi nisipokula sitoi kitu. Ndivyo ilivyokuwa, sipambi.

Nilifungua ankara iliyoambatishwa nikiwa nimesimama. Ilisema tumetumia yuniti elfu moja mia nne Septemba, elfu moja mia nne Oktoba, elfu moja mia nne Novemba. Miezi mitatu, namba ileile, kama tulikuwa tunasaga kwa kipimo cha kijiko. Na pembeni, kwa herufi ndogo: makadirio.

Septemba! Septemba mota iliungua. Ilikaa kwa fundi wa kusuka mota wiki sita, na chumba kikawa na taa moja tu na panya. Mimi mwenyewe sikuwepo. Nilijifungua mwisho wa Agosti kwa upasuaji, kidonda kikagoma, nikavuka na kivuko kwenda kwa mama yangu ng'ambo ya Kamanga, nikakaa huko hadi Novemba inaisha. Yuniti elfu moja mia nne ni matumizi ya msimu wa mavuno, watu wamepanga foleni na magunia hadi barabarani. Walichukua miezi ya mavuno wakaipachika kwenye miezi ya njaa.

Niliandika barua palepale, juu ya mfuko wa sembe, nikiwa nanyonyesha. Sasa hapa lazima niseme jambo la baba.

Baba hakuwaamini waendesha mashine. Wamepita wengi, na karibu wote walikuwa wakisaga magunia ya rafiki zao jioni akishaondoka. Akabuni njia yake. Kila siku jioni anasoma mita, anaandika kwenye daftari, halafu anahesabu madebe yaliyosagwa. Debe moja linakula karibu yuniti moja. Mita ikisema thelathini na daftari la madebe likasema ishirini, anakuuliza hayo kumi yamesagwa na nani. Alikuwa na madaftari chungu nzima, yananuka pumba. Nilipochukua mashine niliendelea vilevile, kila jioni, nikiandika namba kama alivyoandika yeye. Na nilipokwenda kujifungua nilimwachia kazi hiyo mwendeshaji, mzee wa miaka hamsini na ushee aliyetoka upande wa Magu, ambaye baba alidumu naye kuliko wote.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo. Nilichukua daftari, nikafungua mwisho wa kila mwezi, nikanakili namba za mzee kama zilivyo, nikasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimeshamfokea asubuhi ile kwamba alikuwa wapi ankara zinaletwa, na yeye alinijibu taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma chake, "Mayu, ankara zilikuja, nimeziweka kwenye kopo." Kweli zilikuwa kwenye kopo. Hiyo ilinikera zaidi.

Ofisi ya umeme ina foleni ambayo haiendi mbele, inanenepa tu. Nilifika dirishani saa sita. Mhudumu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto ana joto huyo, mfungue shuka."

"Nimeleta barua ya kupinga ankara. Mmenikadiria miezi mitatu, na mimi nina namba za mita za kila siku."

Aliichukua. Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Halafu akachukua kikokotoo, nikaona kidole kinabonyeza, kinasimama, kinabonyeza.

"Mama, usomaji wetu wa mwisho wa kweli ni wa Agosti. Elfu arobaini na nane, mia mbili na kumi. Umekubali?"

"Hiyo sina ugomvi nayo. Nilisoma mwenyewe na msomaji wenu."

"Na wewe unasema Septemba mita ilisoma laki nne, themanini na mbili elfu, mia nne thelathini na moja."

Sikuelewa alichosema. Nilisikia kama mtu anataja namba ya simu.

"Ndivyo ulivyoandika. Basi kwa namba zako mwenyewe, Septemba umetumia yuniti laki nne na zaidi." Aligeuza kikokotoo nikaona. "Sisi tumekudai elfu moja mia nne. Nikuandikie hizi zako?"

Nyuma yangu kijana mmoja alicheka puani. "Dada, hata kiwanda cha minofu ya samaki hakili hivyo. Unasaga mawe ya Bismarck pale ziwani?"

Watu wakaangua kicheko. Mtoto akashtuka, akaanza kulia, na mimi nikasikia maziwa yanatoka yakilowesha blauzi mbele ya foleni nzima. Nilimgeukia yule kijana nikamwambia nikisaga mawe nitaanza na kichwa chake. Wakacheka zaidi, lakini safari hii wakimcheka yeye.

Mama wa dirishani hakucheka. Alinirudishia barua. "Na jingine. Hapa kumeandikwa: Septemba msomaji alikuta pamefungwa. Oktoba na Novemba alikuta mtu, akafukuzwa. Mita yako iko ndani, mwanangu. Asipoingia, atasoma nini? Kanuni inamwambia akadirie."

"Nani alimfukuza?"

"Wa kwako huko."

"Na Ijumaa?"

"Orodha ya kukata ilishatoka. Lete barua inayoeleweka kabla ya hapo."

Kutoka pale hadi Igogo nilitembea. Nauli nilikuwa nayo, ila nisingeweza kukaa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mzee. Amenidhalilisha. Hajui kusoma mita. Amemfukuza msomaji. Labda alikuwa anasaga magendo, akaogopa mita isije ikaonekana. Ndiyo, hata hilo nililifikiria, na nililiamini hadi pale kwenye kona ya wauza mkaa.

Nilimkuta anafagia pumba. Sikumwamkia. Mtu wa umri wa baba yangu, sikumwamkia.

"Ulimfukuza msomaji wa mita?"

Aliegemeza ufagio ukutani. "Kijana alikuja hana sare. Kavaa fulana ya mpira. Nikamwambia mwenye mali hayupo."

"Kwa nini?"

"Si ulisema, mayu? Siku ile unapanda bajaji kwenda hospitali. Ulisema, vishoka wamezidi mjini, asiingie mtu yeyote kwenye mita mpaka nirudi. Yeyote."

Nilisema hivyo. Nilikumbuka hadi uchungu wenyewe, nimeshika mlango wa bajaji, natoa amri kama mkuu wa kambi. Miezi ile vishoka, hawa mafundi feki wa umeme, walikuwa wamewaliza watu wawili mtaani kwetu. Niliposema yeyote, nilimaanisha yeyote. Na yeye alinisikia.

"Na hizi namba?" Nilimrushia daftari, si kumkabidhi, nilimrushia. "Laki nne umetoa wapi?"

Aliliokota. Akapangusa jalada kwa kiganja. Akaenda kwenye mita, akaniita kwa kichwa. Nikasogea.

Mita ile ina vidirisha sita. Vitano vya kwanza vina namba nyeupe juu ya weusi. Cha sita kina fremu nyekundu. Mzee aliweka kidole chini ya cha kwanza akasoma kimoja kimoja, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka chekundu, na hicho nacho akakisoma.

"Hicho chekundu baba hakukiandika," nilisema.

"Najua. Marehemu alikuwa anaandika tano. Mimi nilikuuliza, mayu. Nikasema, niandike kama mzee? Ukasema, andika namba zote unazoziona, usije ukaruka hata moja."

Nje mwanamke alikuwa anaita, anauliza kama tunasaga au hatusagi.

Kile kidirisha chekundu ni sehemu ya kumi ya yuniti. Nilifundishwa fizikia, nimemaliza kidato cha nne, na baba aliniambia mara moja nikiwa mdogo kwamba chekundu ni chenji, hakihesabiwi. Niliandika tano kwa mazoea kwa karibu mwaka mzima bila kujiuliza. Mtu aliyeandika sita hakukosea kuona. Aliona zaidi yangu. Nilimwamuru mtu mwaminifu mambo mawili ya kijinga, akayatekeleza yote mawili bila kupunguza.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mayu." Halafu akaongeza, bila kuniangalia, "Nilidhani umeamua leo mimi ni rika lako."

Tulikaa juu ya magunia, tukafuta namba ya mwisho kwenye kila mstari. Nasema tukafuta, lakini namba zenyewe hatukuzigusa. Hilo alilikataa mzee. "Ukikwangua wataona umekwangua. Acha nilivyoandika, wewe eleza." Alikuwa sahihi. Nilichora mstari mmoja wima kwa rula kutenga namba nyekundu, siku baada ya siku, kurasa zote. Na zile namba zikakaa sawa mbele yetu. Mwisho wa Septemba 48,243. Yaani mwezi mzima yuniti thelathini na tatu, taa na panya. Mwisho wa Oktoba 48,560, mota ilikuwa imerudi katikati ya mwezi. Mwisho wa Novemba 49,170.

Jumla yuniti mia tisa na sitini. Wao walikuwa wanadai elfu nne na mia mbili.

Jumanne asubuhi, kabla mashine haijawashwa, nilipiga picha mita kwa simu, nikaipeleka kuchapisha kwa jamaa wa fotokopi. Ilisoma 49,371, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hasira ya jana ilikuwa imenificha. Kwenye ankara walikuwa wamekadiria kwamba mwisho wa Septemba mita ilifika 49,610. Hii ni Desemba, na mita yangu ilikuwa bado haijafika huko. Mita hairudi nyuma. Sikuhitaji kuaminiwa, wala mzee hakuhitaji kuaminiwa. Walihitaji kuja kuangalia tu.

Barua ya pili niliandika mezani, nimemlaza mtoto, nimekunywa uji kwanza. Sehemu yake ilikuwa hivi:

"Ndugu Meneja, napinga ankara ya miezi mitatu iliyotolewa kwa makadirio. Naambatisha nakala ya daftari langu la kila siku na picha ya mita ya leo. Namba ya mwisho katika daftari, iliyotengwa kwa mstari, ni ile ya kidirisha chekundu na haihesabiwi. Katika barua yangu ya jana niliijumuisha kwa makosa, kosa ni langu. Leo mita inasoma 49,371. Mmenidai kana kwamba ilishapita 52,410. Nakiri kuwa msomaji wenu alizuiwa kuingia mara mbili kwa amri yangu. Naomba atumwe tena, nitakuwepo. Niko tayari kulipia yuniti 960 nilizotumia. Ambazo sikutumia sitalipia. Naomba pia nisikatiwe umeme wakati mnahakiki."

Kwenye rasimu kulikuwa na sentensi nyingine kuhusu mama zao. Nilimsomea mzee, akasema, "Hiyo ya mama zao itoe, haina namba." Nikaitoa.

Nilitoa nakala mbili. Yule mama wa dirishani alisoma ya kwanza, akainua macho mara moja tu, pale kwenye picha. Akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, akaandika tarehe.

"Hii inaeleweka," alisema. "Lakini Ijumaa sikuahidi. Orodha iko kwa mafundi, haiko kwangu. Nakala yako usiiache nyumbani."

Jumatano hakuja mtu. Alhamisi hakuja mtu. Tulisaga kama watu wanaokimbizwa, kila aliyekuja na sado lake, hata kindoo kimoja kidogo cha mahindi, alihudumiwa, maana hatukujua kama kutakuwa na Jumamosi.

Ijumaa saa nne gari lao lilisimama mbele ya mashine. Walishuka wawili, mmoja na ngazi, mmoja na karatasi. Hawakuuliza kitu. Ngazi iliegemezwa kwenye nguzo wakati mashine inaunguruma na gunia la mteja liko mdomoni.

Nilitoka mbio. Nilishika ngazi kwa mikono miwili, mtoto mgongoni.

"Mama, achia."

"Sishuki."

"Hujapanda, unashukaje? Achia ngazi."

"Nina barua imepokelewa. Soma muhuri."

"Mimi nakata, sisomi barua. Jina lako liko humu." Alinionyesha orodha. Kweli lilikuwepo. Jina la baba yangu, marehemu, limepigiwa mstari.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walianza kusogea. Mmoja, mpika vitumbua, alisimama na ungo wake kati yangu na fundi akasema kama unga wake utakatikia humo ndani basi fundi ataukamilisha kwa meno. Fundi wa ngazi alikuwa kijana, akaanza kucheka, lakini mwenye karatasi alikuwa amekasirika kweli, shingo imemvimba. Alisema ataita polisi. Nikasema aite. Najua nilikuwa karibu kumsukuma mtu yule barabarani.

Kelele za mashine zikakatika ghafla. Nilidhani wamekata. Kumbe mzee amezima. Alitoka mlangoni, mweupe kwa unga kuanzia kope, akaja polepole hadi kwa mwenye karatasi.

"Kijana, hujambo?"

Yule akasita. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mita iko ndani. Kuisoma ni dakika moja. Ukikuta imepita hiyo namba mliyotuandikia, mimi mwenyewe nitakushikia ngazi."

Mwenye karatasi alitazama muhuri wangu, akatazama gari, akaingia. Mzee akamfuata, halafu akasimama mlangoni akamzuia kwa mkono.

"Kitambulisho kwanza."

Nilitaka kulia. Nilitaka kumkaba yule mzee. Lakini fundi akatoa kitambulisho, mzee akakisoma mbele na nyuma, ndipo akampisha.

"Elfu arobaini na tisa, mia nne thelathini na nane," fundi alisoma. Akarudia kusoma. Akalinganisha na karatasi yake. "Hapa wameandika hamsini na mbili elfu."

"Na hicho chekundu?" mzee akamwuliza.

"Chekundu hakihesabiwi, mzee."

"Ahaa," mzee akasema, na akanitupia jicho.

Fundi alipiga picha ya mita, akatoka nje kupiga simu. Sikusikia yote. Nilisikia, "Ndiyo, iko chini hata ya Septemba," kisha, "Ndiyo, muhuri upo, wa Jumanne," kisha akawa anasikiliza tu, na mimi nikahesabu magunia yaliyobaki ili nisifikirie kingine. Alipokata simu alimwambia mwenzake ashushe ngazi. Kwangu alisema tu, "Wamekutoa kwenye orodha mpaka ihakikiwe. Usifurahi sana."

Sikufurahi. Niliketi chini kwenye pumba nikamnyonyesha mtoto. Mzee akawasha mashine.

Jumatatu msomaji alikuja, yuleyule kijana wa fulana ya mpira, safari hii kavaa sare na kununa. Nilimwomba radhi kwa mara zile mbili. Akasema, "Yamepita, ila mzee wako aliniita mwizi mbele ya watu." Ankara iliyosahihishwa ilifika kabla ya mwisho wa mwezi, yuniti mia tisa na sitini, siyo moja zaidi. Nililipa yote. Iliniuma vilevile, lakini iliuma kihalali.

Tangu hapo kuna utaratibu mpya, na si mimi niliouweka. Msomaji akija, mzee anakagua kitambulisho chake, anampisha, anasoma naye kwa sauti namba tano, halafu anamfungulia daftari asaini kwenye mstari wa siku ile. Mara ya kwanza kijana aligoma, akasema hilo halimo kwenye kazi yake. Mzee akamwambia hata yeye kuandika hakukuwa kwenye kazi yake, yeye kaajiriwa kusaga.

Akasaini. Mzee akalipuliza unga daftari, akalirudisha juu ya rafu, kisha akaniuliza kama leo nina amri yoyote mpya, ili ajiandae.